Jina na logo ya mafuta yangu ya ngozi: nataka mteja asidhani ni mkorogo

BintiPangani (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Natengeneza mafuta ya mgando ya mwili na uso: nazi naichuja mwenyewe, nta naletewa kutoka Handeni, na kidogo shea. Nauza kwa WhatsApp na kwa mama mmoja mwenye duka la urembo Tanga mjini, makopo arobaini hadi hamsini kwa mwezi. Mpaka leo kopo halina jina. Nabandika karatasi imeandikwa "mafuta ya nazi" kwa peni, na namba yangu ya simu.

Wiki iliyopita dada mmoja alilishika dukani, akalinusa, akamuuliza mwenye duka: "Hili halina zebaki kweli?" Akalirudisha. Mwenye duka akaniambia nirudi nikiwa na jina na logo ya maana.

Nimefika hapa:
1. Nazi Safi
2. Dk. Ngozi
3. Liwa
4. Pure Glow

Logo nimeshachorewa: jani la kijani, uso wa mwanamke kwa pembeni, maandishi ya dhahabu ya kujikunja kunja. Kwenye simu inapendeza sana. Naomba mawazo yenu, lipi linaaminisha?

---

Kichwa Ngumu

Namba 4 bila kufikiri. Mbongo haamini cha nyumbani. Weka Kiingereza, weka nyeupe na dhahabu, panga bei juu kidogo. Utaona.

---

logo_chapchap

Logo kali elfu kumi tu, tatu kwa elfu ishirini na tano. Njoo PM.

---

Fundi Lebo

Dada, mimi nachapa lebo Ilala mwaka wa kumi na moja sasa, na vipodozi ndiyo kazi yangu kubwa. Kabla ya kuchagua, soma tena swali la yule dada wa dukani. Hakuuliza kama mafuta ni mazuri. Aliuliza kama yana zebaki. Yaani mtu akikutana na kopo la ngozi asilolijua, kitu cha kwanza kinachomjia ni mkorogo. Jina lako na logo yako vinaingia kwenye hofu hiyo, havikuti kichwa kitupu.

Sasa chukua orodha yako. Pure Glow, kwa macho ya mteja wangu wa kawaida, inakaa kwenye rafu moja na makopo ya kujichubua. Glow, white, fair, light, clear, hayo maneno yameshachafuka. Hata Unilever mwaka 2020 waliona bora walitoe neno "Fair" kwenye Fair & Lovely, wakaliita Glow & Lovely. Matokeo yake "glow" nalo sasa linabeba mzigo ule ule. Wewe unauza mafuta ya kulainisha. Kwa nini uingie kwenye nyumba ambayo itabidi kila siku ueleze kwamba wewe hukai humo?

Na uso wa mwanamke kwenye logo uondoe. Kwenye bidhaa ya ngozi uso unasomeka kama ahadi. Ukichora mweupe, wewe ni mkorogo. Ukichora wa rangi yoyote ile, mteja atauliza "nitakuwa kama huyu?" Nimeyasikia haya kaunta mara nyingi.

---

Kichwa Ngumu

Mkuu unamtisha bure. Watu wananunua hayo hayo ya glow kila siku, maduka ya Kariakoo yamejaa.

---

Fundi Lebo

Wananunua, sikatai. Ila anayetafuta kujichubua akinunua lako ataona halichubui, hatarudi. Na anayeogopa kuchubuka hataligusa. Umewakosa wote wawili.

---

Hamburg Mswahili

Nimecheka peke yangu kwenye treni. Dada, "Nazi Safi"! Huku Ujerumani ukiweka kopo hilo mezani wageni wataondoka. Mke wangu aliwahi kupokea kifurushi kutoka nyumbani kimeandikwa kwa maka pen nene NAZI, jirani alituangalia kwa jicho la ajabu mwezi mzima. Kama una ndoto hata kidogo ya kuwatumia ndugu walioko Ulaya au kuwauzia watalii wa Pangani, hilo neno lisikae kwa herufi kubwa mbele ya kopo. Kwenye orodha ya viambato nyuma halina neno.

---

BintiPangani

Uwii! Watalii ninao, wale wanaokwenda kisiwa cha Maziwe. Sikuwahi kulifikiria hilo hata siku moja. Basi Nazi Safi kwaheri.

Liwa je? Ndilo nalolipenda. Bibi yangu alikuwa akitupaka liwa usoni siku za harusi.

---

Mama Sabuni wa Moro

Mwanangu, Liwa? Mteja akilipa elfu nane halafu shoga yake amwambie "umeliwa", utajibu nini? 😂

---

Kichwa Ngumu

😂😂😂 "Jana nimeliwa elfu nane." Uzi ufungwe.

---

Bi Mkubwa wa Maskati

Mwanangu BintiPangani, hao wanakutania lakini wana haki. Neno ni zuri na la asili yetu, mimi mwenyewe ninalo jiwe la kusugulia liwa hapa nyumbani. Ila niongeze ya huku. Kwa Mwarabu, liwaa ni bendera, na ni cheo cha jeshi, kama meja jenerali. Na Oman kuna wilaya inaitwa Liwa, Batina ya kaskazini. Hakuna ubaya ndani yake, lakini hakuna atakayewaza uso wa bi harusi.

Na swali jingine la kizee: mafuta yako yana liwa ndani? Maana liwa ni msandali. Kama hamna, unampa mtu jina la kitu ambacho hakimo.

---

BintiPangani

Hamna, shangazi. Ni nazi, nta, shea, na harufu.

---

Mama Sabuni wa Moro

Harufu gani? Unaitoa wapi?

---

BintiPangani

Asumini. Nanunua chupa Kariakoo, ile ya kupima.

---

Mama Sabuni wa Moro

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Mimi niliita sabuni zangu jina lenye "Asilia" ndani na chini nikaandika asilimia mia. Mwaka wa pili mteja mmoja, mwalimu wa kemia, akanigeuzia kipande: "Mama, hii harufu ya strobere imetoka shamba lipi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na stika elfu mbili zimeshachapwa. Nimezitumia nyingine kufunikia mitungi.

Usiweke kwenye jina ahadi ambayo chupa moja ya Kariakoo inaweza kuivunja. Leo unaweka harufu, kesho mafuta yanachacha unaongeza vitamini E, keshokutwa unataka losheni yenye maji ambayo lazima iwe na kihifadhi la sivyo inaota ukungu. Jina litabaki pale pale likisema asilimia mia.

---

Wakili Mtoro

Niongezee kwa Mama Sabuni. Neno "ogani" nalo liache kwenye jina mpaka uwe na cheti. Afrika Mashariki tuna kiwango cha kilimo hai tangu 2007 na alama yake ya Kilimohai. Ile inatolewa baada ya ukaguzi, si kwa kuchora jani.

Na "Dk. Ngozi" ifute kabisa. Wewe si daktari, hilo moja. La pili ni kwamba jina likisikika kama tiba, bidhaa nayo inaanza kutazamwa kama dawa. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS na dawa ziko TMDA. Ukijiita Dk. au Tiba, halafu kwenye WhatsApp unaandika "inaponya fangasi na pumu ya ngozi", umejivusha mwenyewe kwenda kwenye mlango ambao huna karatasi zake. Msalaba mwekundu pia usiuguse, ile ni nembo yenye ulinzi wa kisheria. Vivyo hivyo alama ya ubora ya TBS: haiwekwi kama pambo, inawekwa na mwenye leseni.

---

Mzalendo Halisi

Haya yote ni rahisi. Chagua jina lolote, ingia BRELA mtandaoni, sajili jina la biashara, ukipata cheti hakuna mtu Tanzania anayeweza kulitumia tena. Umemaliza.

---

Wakili Mtoro

Mkuu, nusu ya ulichosema ni kweli. Asajili, ndiyo, atalihitaji kufungulia akaunti na namba ya kulipia. Lakini cheti cha jina la biashara kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina hilo. Hakimzuii mtu wa Mwanza kubandika neno hilo hilo kwenye kopo la krimu. Kinachozuia ni alama ya biashara, ombi jingine, japo nalo linapelekwa BRELA hiyo hiyo. Vipodozi viko daraja la 3. Ombi linatangazwa, watu wana siku 60 za kupinga, likipita unalindwa miaka saba tangu siku uliyoomba, kisha unahuisha kwa miaka kumi kumi.

Zanzibar ni daftari jingine, BPRA. Kenya ni KIPI. Cheti cha Bara hakivuki maji.

Na hapa jina lenyewe linaamua mambo. Ukiomba alama ya "Mafuta ya Nazi" msajili atakataa, kwa sababu kila mwenye nazi ana haki ya kusema anauza mafuta ya nazi. "Pangani" peke yake nayo itakwama kwa kuwa ni mahali. Linalopita vizuri ni neno lisiloeleza bidhaa moja kwa moja, na hakuna mwingine daraja la 3 mwenye neno hilo au linalofanana nalo kwa sauti. Kufanana kwa sauti kunahesabiwa, si kwa herufi tu.

---

Nyuki wa Tabora

Samahani nimechelewa. Nta ya Handeni unanunua kilo shilingi ngapi? Mimi ninayo safi ya Sikonge, ya rangi ya manjano mbivu.

---

BintiPangani

Kaka nitakufuata PM, hapa tuko kwenye jina 🙏

Bi Mkubwa amenipa wazo bila kujua. Lile jiwe la kusugulia liwa linaitwa msio. "Msio" mnaonaje? Fupi, la kwetu, halielezi bidhaa, na linachoreka: jiwe la duara tu. Nimeingia BRELA kutafuta, sijaliona. Nimelipenda kuliko Liwa.

---

Bi Mkubwa wa Maskati

Maashallah, zuri hilo. Vijana wengi hawalijui, utawafundisha.

---

Fundi Lebo

Zuri kwenye karatasi. Kabla hujalipa chochote, lifanyie jaribio la sikio. Watafute watu kumi na mbili ambao hawajui unachofanya. Watumie sauti, si maandishi: "Nimenunua mafuta ya Msio, niandikie jina hilo unitumie." Usiwape maelezo mengine. Kisha angalia wamerudisha nini.

Sababu ni hii. Jina lako litasafiri kwa mdomo. Mtu anamwambia mwenzake saluni, mwenzake anaandika kwenye Instagram. Akiandika tofauti hakupati, au anapata mtu mwingine. Mtu anayetafuta jina na asilione hasemi "nimekosea herufi". Anasema "hawa hawapo, matapeli".

---

Kichwa Ngumu

Jaribio la chekechea.

---

BintiPangani (siku mbili baadaye)

Wakuu nimerudi. Nimelia na kucheka.

Watu kumi na mbili: saluni, stendi, jirani, na binamu zangu wa Korogwe. Watano wameandika Msio. Mmoja Musio. Mmoja kaandika "wasio". Na watano wameandika MZIO.

Mzio! Yaani mtu ananunua mafuta ya uso yanayoitwa aleji. Mmoja wa hao kaniuliza: "Ni ya kutibu mzio au yanaleta?"

---

Mama Sabuni wa Moro

Yesu wangu 😂 Yanaleta!

---

Hamburg Mswahili

Hili jaribio ningelipata kabla ya kumpa mwanangu jina.

---

Kichwa Ngumu

Sawa, chekechea imeshinda leo. Lakini bado nasema: jina la Kiingereza lingeandikwa vizuri na watu wangapi kati ya kumi na mbili? Hata sijui. Ila cha kwetu mnakipa kazi ya kumfundisha mteja kwanza ndipo anunue. Mteja wa Masaki ana haraka.

---

Fundi Lebo

Hoja yako ina uzito, sitakudanganya. Nina wateja wenye majina ya Kiingereza wanaofanya vizuri, hasa hotelini na kwenye maduka ya wageni. Nina wa Kiswahili wanaofanya vizuri pia. Mwani wa Paje kule Unguja anatumia neno ambalo kila mvuvi analijua na mgeni analitamka bila shida. Nadhani lugha si kitu cha kwanza. Kitu cha kwanza ni kama neno linaandikwa kama linavyosikika, na kama maana yake ya pili haikuumizi. Liwa ilikuwa na ya pili. Msio ilikuwa na jirani mbaya.

---

Bi Mkubwa wa Maskati

Mwanangu, unatia asumini. Kwa nini usiite Kikuba? Wale wa bara kama hawajui: ni kile kifurushi kidogo cha asumini, rehani na mkadi tunachofungia uzi, mwanamke anakibandika nguoni au kichwani akitoka. Sisi tunasema vikuba. Hakuna aliyewahi kuvaa kikuba kwa huzuni.

---

BintiPangani

Shangazi! Bibi yangu alikuwa akiviuza Pangani Alhamisi jioni.

Ngoja nikimbie na simu tena.

---

Fundi Lebo

Ukiwa huko, tuongee logo, maana nimeiona uliyonitumia PM. Nimeichapa kwa ukubwa wa kopo lako, duara la milimita 60. Matatizo matatu, na moja ndilo kubwa.

Dhahabu. Hiyo ya kwenye simu ni mwanga. Mashine ya kawaida haina dhahabu, inachanganya njano, nyekundu na nyeusi, na inatoka haradali iliyokauka. Dhahabu ya kweli ni karatasi ya kubandika kwa moto, inapandisha bei ya kila lebo, na kwa makopo hamsini haina maana. Dhahabu ya haradali ndiyo inayolifanya kopo lionekane feki kuliko kitu chochote ninachokijua, kwa sababu feki wengi wanaiga makopo ya dhahabu na wanaishia hapo hapo.

Maandishi ya kujikunja nayo nimempa kijana wa dukani asome kwa umbali wa hatua mbili. Alisema "Lima". Hiyo ilikuwa Liwa. Herufi za kawaida zilizosimama, nene kidogo, zenye nafasi kati yake, zinatosha. Mtu akilisoma jina bila kujitahidi anaona kama ameshawahi kulisikia.

Jani sina chuki nalo. Ila kwenye rafu ya mama wa Tanga kuna makopo mangapi yenye jani? Nenda kahesabu. Ukiweka la kwako litakuwa jani la kumi na tatu. Jani halimwambii mtu tena kitu chochote, hata mkorogo una jani.

Ninachoomba kwa mbunifu wako: alama moja, rangi moja, ambayo ukiichapa nyeusi tupu kwenye karatasi nyeupe bado ni ile ile. Itakaa kwenye kopo, kwenye duara dogo la WhatsApp, kwenye muhuri wa risiti. Alama ikibadilika sura kila mahali, mteja anahisi anaongea na watu watatu tofauti.

---

Mama Sabuni wa Moro

Na mwambie kuhusu mafuta kupenya, Fundi.

---

Fundi Lebo

Nilikuwa nafika. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi. Tanga mchana ni zaidi ya hapo karibu mwaka mzima. Nta inakusaidia kushika, lakini kopo likikaa kwenye basi la kwenda Dodoma, kidogo kitavuja kwenye uzi wa kifuniko na kushuka kwenye lebo. Kama umechapa kwa printa ya wino wa maji kwenye stika ya karatasi, wino unachuja na karatasi inakuwa na madoa ya uwazi kama ya maandazi. Mteja hasemi "lebo dhaifu". Anasema hili la uongo.

Chapa kwenye stika ya plastiki, juu yake filamu ya kufunika. Ukipewa sampuli, ipake mafuta yako mwenyewe, iache juani kutwa, halafu isugue kwa kidole gumba. Rangi ikitoka kwenye kidole, irudishe.

---

Wakili Mtoro

Na muacheni nafasi ya upande wa nyuma. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vipodozi, EAS 346, kinataka jina la bidhaa, viambato, uzito, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi. Watu wanaona hayo ni usumbufu wa serikali. Mimi naona ndiyo logo ya pili. Yule dada aliyerudisha kopo angegeuza nyuma akakuta "Toleo 07, imetengenezwa Pangani, viambato vinne", asingehitaji kuuliza zebaki.

---

Mzalendo Halisi

TBS si ghali kwa mtu wa makopo hamsini?

---

Wakili Mtoro

Aanzie SIDO Tanga. Kuna utaratibu wa wajasiriamali wadogo, wanamtambulisha TBS kwa barua. Masharti na gharama awaulize wenyewe, mimi nisimpe tarakimu za mwaka juzi.

---

BintiPangani (siku iliyofuata)

Kikuba: kumi na mmoja kati ya kumi na wawili wameandika sawa. Mmoja kaandika Kikumba. Niliwauliza pia "ukisikia jina hili unawaza nini?" Wa pwani wote wamesema harufu, harusi, bibi. Wa bara wawili wamesema "sijui, kitu kidogo". Binamu yangu kasema nchi ya Kuba.

BRELA sijaona Kikuba kwenye vipodozi. Wakili, nimeanza fomu ya jina la biashara, alama ya biashara nitaomba nikiuza makopo ya miezi miwili.

---

Wakili Mtoro

Ningekushauri ugeuze: alama kwanza, kabla hujatangaza sana. Miezi miwili kwenye Instagram ni muda wa kutosha kwa mtu mwingine kulipenda.

---

Mama Sabuni wa Moro

Hela yenyewe ya wapi, Wakili? Na makopo mapya, na stika. Mwache auze kwanza.

---

Wakili Mtoro

Uamuzi wake. Nimesema hatari ilipo.

---

Hamburg Mswahili

Jambo dogo ambalo wengi wanasahau. Nikimtumia mtu hela nyumbani kwa Lipa Namba kupitia ndugu yangu, kabla hajathibitisha jina linatokea kwenye simu. Mara tatu limetokea jina la mtu ambaye hatumjui, si la duka. Mara zote tatu ndugu yangu alisita, mara moja aliacha. Kopo likisema Kikuba, Lipa Namba iseme Kikuba, Instagram iseme Kikuba. Pale kwenye kubonyeza namba ya siri ndipo mtu anaogopa zaidi.

---

BintiPangani

Sasa hivi linatokea jina la kaka yangu 🙈 Ndiyo maana wengine huwa wananipigia "ni wewe kweli?" Nikipata cheti cha jina nitabadilisha.

Mbunifu ameniletea mpya: duara la maua matano ya asumini yaliyofungwa uzi, rangi moja, kahawia iliyokoza. Chini KIKUBA kwa herufi zilizosimama. Mstari mdogo: "mafuta ya nazi na nta, Pangani". Hakuna uso, hakuna dhahabu, neno asilia halipo popote. Fundi nimekutumia faili.

---

Fundi Lebo

Nimeipata. Imesomeka hatua nne. Uzi wa kufungia maua ni mwembamba mno, kwenye milimita 60 unakatika, mwambie aunenepeshe. Mstari mdogo aongeze pointi moja. Vingine viko sawa.

---

Mama Sabuni wa Moro

Mimi nina neno moja la mwisho na msinichukie. Umechora asumini. Ndani hakuna asumini, kuna chupa ya Kariakoo. Mwalimu wangu wa kemia atakuja na kwako.

---

BintiPangani

Mama! Nilidhani tumemaliza.

---

Bi Mkubwa wa Maskati

Mbona hata kikuba chenyewe siku hizi wanakipulizia manukato.

---

Fundi Lebo

Nyuma, kwenye viambato, aandike "manukato" wazi. Mchoro ni wa kikuba, si wa kiambato.

---

Mama Sabuni wa Moro

Hiyo ni hoja ya mchapaji. Mnunuzi anaona ua anawaza ua. Ningekuwa yeye ningetoa toleo moja lisilo na harufu kabisa, na hilo lenye harufu nikaloweka asumini halisi kwenye mafuta ya nazi hata kama itakuwa hafifu. Bibi yake alikuwa akiuza maua, hawezi kukosa mti.

---

BintiPangani

Mti upo, nyuma ya choo cha zamani. Unachanua sana baada ya mvua, kiangazi unanuna.

Fundi, usichape kwanza. Nipe wiki moja niloweke nione.

---

Nyuki wa Tabora

Dada PM haujajibu, kilo ngapi nikuwekee?